Laptopu ya mtumba ina mashahidi wake: wahoji kabla hujalipa

Mwezi Machi nilimsindikiza mpwa wangu Kariakoo kutafuta laptopu ya chuo. Mkononi alikuwa na laki sita na nusu, na kichwani alikuwa na aina moja tu: HP EliteBook 840 G5. Sikumpinga. Ni mashine ya mwaka 2018, ina mwili wa alumini, na nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, ambacho kwa upande wa Intel ndicho kizazi cha chini kinachokubalika rasmi kwenye Windows 11. Jambo hilo si dogo, maana muda wa Windows 10 kupewa masasisho ya kawaida ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ila nilimwambia asikariri jina la mashine peke yake. Zipo 840 G5 zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba, na ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha. Namba ya prosesa ndiyo inayosema: i5-8250U au i5-8350U ni ya nane, i5-7300U ni ya saba.

Winga mmoja alitudaka nje akatuingiza dukani. Mezani zikawekwa 840 G5 mbili, bei moja. Ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo pembeni na gundi ya kibandiko cha kampuni iliyokuwa nayo zamani. Ya pili ilikuwa safi, inang'aa kama imetoka kwenye boksi. "Chukua hii, dada," winga akamwambia mpwa wangu akiisogeza ile safi. "Imetumika miezi sita tu Ulaya."

Tulitoka pale na ile yenye mikwaruzo, na sababu zake ndizo ninazotaka kuzieleza.

Laptopu nyingi za namna hii zilikuwa mali ya kampuni za Ulaya na Amerika. Zinatumika ofisini miaka mitatu hadi mitano, kisha zinauzwa kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai na Sharjah kabla ya kufika Dar es Salaam au Nairobi. Njiani hufutwa vumbi, hupigwa rangi, hubandikwa stika mpya kwenye kibodi na kuwekewa Windows upya. Kusafisha mwili ni kazi ya saa moja. Lakini ndani ya mashine kuna sehemu tatu zinazoweka kumbukumbu zake zenyewe: chipu iliyo ndani ya betri, kidhibiti kilicho ndani ya diski, na ubao mkuu wenye namba ya siriali. Kuweka Windows upya hakuzifuti. Kila moja huhesabu kivyake, na ni vigumu kuzifanya zote tatu zikubaliane kwenye uongo mmoja. Kwa hiyo nikipima betri sitafuti uzima wa betri tu. Natafuta pia kama inasimulia hadithi ileile inayosimuliwa na diski.

Tuanze na betri. Washa mashine, fungua Command Prompt, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Windows itatengeneza faili liitwalo battery-report.html na kukuonyesha lilipohifadhiwa. Lifungue kwa kivinjari. Juu kabisa, chini ya kichwa Installed batteries, tafuta mistari mitatu. DESIGN CAPACITY ni ujazo betri iliokuwa nao ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo inaoweza kubeba leo ikijaa. CYCLE COUNT ni mizunguko ya chaji. Mzunguko mmoja ni jumla ya matumizi yanayolingana na betri nzima, hata kama uliitumia nusu leo na nusu kesho.

Ile yenye mikwaruzo ilionyesha hivi: ujazo wa kiwandani karibu 50,000 mWh, ujazo wa leo 33,900, mizunguko 540. Ukigawanya, betri imebaki na asilimia 68. Kwa lugha ya matumizi, 33,900 mWh ni wati-saa 33.9. Kama mashine inakula wati 10 kwa kazi za kawaida, betri mpya ingekaa saa tano, na hii itakaa saa tatu na dakika ishirini na kidogo. Hiyo inatosha kwa vipindi viwili vya darasani, haitoshi kwa siku nzima.

Ile safi ilionyesha ujazo wa leo sawasawa kabisa na wa kiwandani, na mizunguko 0. Winga alitabasamu. Mimi nilianza kuwa na mashaka. Betri ya mwaka 2018 haiwezi kuwa hivyo, kwa hiyo yapo mawili: ama imewekwa betri mpya, ama betri ni ya zamani na chipu yake imerudishwa sifuri. Betri mpya ni jambo jema, lakini muuzaji aliyegharamia betri mpya huwa wa kwanza kukutajia, na hapa hakuna aliyeitaja. Ripoti haiwezi kukuamulia kati ya hayo mawili, kwa sababu inanukuu tu kile ilichoambiwa na chipu.

Kinachoamua ni kuimaliza kwa vitendo. Chomoa chaja, pandisha mwanga wa skrini hadi mwisho, cheza video, angalia saa na asilimia. Hesabu yake ni rahisi: dakika 20 kwa wati 10 ni wati-saa 3.3. Kwa betri ya wati-saa 33.9 hiyo ni kama asilimia 10; kwa betri nzima ya wati-saa 50 ni kama asilimia 7. Ile yenye mikwaruzo ilitoka 84 ikafika 73, yaani asilimia 11, inakaribiana kabisa na ripoti yake. Ile safi, iliyodai kuwa mpya, ilitoka 97 ikafika 71. Asilimia 26 kwa dakika 20. Betri iliyopoteza kiasi hicho ina robo tu ya kile inachojidai nacho.

Nina angalizo hapa. Seli zilizochoka zinaweza kushuka taratibu zikiwa juu, halafu zikaporomoka ghafla zikifika asilimia 40 au 30, na mashine ikazima bila kuaga. Ukiweza, fanya jaribio hili betri ikiwa chini ya nusu. Na muuzaji akikataa katakata kuchomoa chaja, hesabu kwamba hakuna betri, kisha ujadili bei kwa msingi huo.

Watu wengi wanaishika sana namba ya mizunguko, lakini ikiwa peke yake inapotosha. Betri za laptopu nyingi hutengenezwa kustahimili kati ya mizunguko 300 na 1,000 kutegemea aina, ila mizunguko siyo inayozizeesha peke yake. Joto linazizeesha, na kukaa zimejaa muda wote kunazizeesha. Laptopu iliyokaa miaka minne mezani ofisini ikiwa imechomekwa umeme mchana kutwa inaweza kuwa na mizunguko 90 tu na bado imebaki na asilimia 60. Kwa hiyo mizunguko michache na ujazo mdogo si dalili ya wizi. Ni dalili ya mashine iliyoishi kwenye chaja.

Kabla hujaiacha betri, weka laptopu juu ya meza iliyo sawa. Ikiyumba, au padi ya kugusa ikiwa imenyanyuka na haibonyezeki vizuri, au kifuniko cha chini kikiwa kimebinuka, betri imevimba. Hapo usijadili punguzo. Gesi imejaa ndani ya seli, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Sasa diski. Mimi hutembea na flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski, ile isiyohitaji kusakinishwa. Huna hiyo, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

```
Get-PhysicalDisk | Get-StorageReliabilityCounter | Format-List
```

Hii itakupa mstari wa Wear, ambao ni asilimia ya uhai wa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, iliyokwisha kutumika, na PowerOnHours, yaani saa ambazo diski imekuwa hai. Diski nyingine haziripoti kila kitu kwa njia hii na mistari hubaki mitupu, ndiyo maana napendelea flashi yangu.

Kwenye ile yenye mikwaruzo tulikuta SSD ya GB 256 ya chapa inayojulikana. Health Status ilisema Good 91 %, saa za kuwa hai 9,400, na Total Host Writes, yaani data yote iliyowahi kuandikwa humo, karibu GB 14,600. Percentage Used ilikuwa 9, Available Spare 100, na Media and Data Integrity Errors 0. Mstari huu wa mwisho ndio ninaoutazama kwanza. Diski iliyochakaa kwa asilimia 9 na haina kosa hata moja ni diski nzima. Iliyochakaa kwa asilimia 2 na ina makosa 40 imeshaanza kupoteza vitu, na sitaki kuona maandishi ya mpwa wangu ya utafiti yakiwekwa humo. Kama ni diski kuu ya zamani inayozunguka, siyo SSD, mistari ya kutazama ni Reallocated Sectors Count, Current Pending Sector Count na Uncorrectable Sector Count. Zote ziwe sifuri. Programu hiyo huonyesha thamani hizi kwa mfumo wa namba wenye herufi ndani yake, kwa hiyo usiogope ukiona A au F. Kinachotafutwa ni kama kuna kitu chochote tofauti na sifuri.

Hapa ndipo mashahidi wanapokutanishwa. Saa 9,400 ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane unapata siku 1,175. Mwaka una siku za kazi kama 240, kwa hiyo ni karibu miaka mitano ya ofisini. Mizunguko 540 ndani ya siku 1,175 ni mmoja kwa kila siku mbili, mwendo wa mtu anayekaa mezani na kwenda mikutanoni mara mojamoja. Na betri iliyobaki na asilimia 68 baada ya miaka mitano ni betri ya kawaida kabisa. Kila namba inaitikia nyingine. Ijulikane tu kwamba SSD za aina ya NVMe zinaweza zisihesabu muda zinapokuwa zimesinzia, kwa hiyo saa halisi huenda zikawa nyingi kuliko unazoziona.

Ile safi ilikuwa na SSD isiyo na chapa, saa 2 za kuwa hai. Hili peke yake si kosa. Kampuni nyingi huzitoa diski zao kabla ya kuuza mashine, kulinda siri zao, na muuzaji wa huku analazimika kuweka nyingine. Lakini diski isiyo na jina ina hatari yake: zipo zinazojitangaza kuwa na GB 512 huku ndani kuna pungufu sana ya hapo, na hutajua mpaka siku itakapojaa na mafaili ya mwanzo kuharibika. Hilo hupimwa kwa programu inayoandika hadi diski ijae na kusoma tena, kazi ya muda mrefu ambayo haifanyiki dukani. Kwa diski ya namna hiyo, hesabu kwenye bei yako gharama ya kununua nyingine.

Shahidi wa tatu ni namba ya siriali. Chini ya mashine kuna lebo yenye namba hiyo, na ndani ya ubao mkuu namba hiyohiyo imeandikwa. Ilete kwenye skrini:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS
```

Mstari wa SerialNumber ufanane na lebo, herufi kwa herufi. Kisha ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa HP wa kuangalia waranti, kwa simu yako palepale. Hata kama waranti imekwisha, tarehe zake zinakukadiria mashine ilianza kazi lini. Ya kwetu yenye mikwaruzo ilianza mwishoni mwa 2018, ikaafikiana na ile miaka mitano. Ya ile safi haikufanana na lebo yake. Huenda kifuniko cha chini kilitoka kwenye mashine nyingine, huenda ubao mkuu ulibadilishwa. Kwa vyovyote tulikuwa tunatazama viungo vya mashine mbili au tatu vilivyounganishwa na kusuguliwa ving'ae. Betri inadanganya, diski haina la kusema, siriali inakana. Winga aliacha kuisogeza.

Skrini haina kumbukumbu ya aina hiyo, kwa hiyo inategemea macho yako. Wauzaji wengi huwasha picha ya mandhari yenye rangi nyingi, na rangi nyingi huficha. Fungua kivinjari, andika about:blank, bonyeza F11, na skrini yote itakuwa nyeupe. Pandisha mwanga hadi mwisho, sogea mahali penye kivuli, usimame mbali kidogo. Kwenye mashine zilizosafirishwa zikiwa zimelaliana, kasoro ninayokutana nayo zaidi ni madoa meupe yenye kingo laini, kama kuna taa ndogo imewashwa nyuma ya kioo. Yanatokana na kugandamizwa kwa karatasi za plastiki zinazosambaza mwanga nyuma ya skrini. Hayafutiki, na kwenye ukurasa wa maandishi utayaona kila siku. Ya kwetu ilikuwa na moja, dogo kama punje ya mtama, karibu na kona ya chini kushoto. Mpwa wangu aliandika ukurasa mzima akalitazama, akasema anaweza kuishi nalo.

Baada ya nyeupe, weka nyeusi, kisha nyekundu, kijani na buluu. Picha tano za rangi tupu kwenye flashi zinatosha. Nukta nyeusi isiyotoka kwenye nyeupe ni pikseli iliyokufa. Halafu shika kifuniko, ufungue na kufunga polepole mara tatu huku ukitazama picha. Ikipepesa au kutoka mistari kwenye pembe fulani, waya unaopita kwenye bawaba umechoka, na hautangoja mwaka. Mwisho tazama skrini kutoka pembeni na kutoka chini. Rangi zikigeuka na kuwa kama picha ya negativu, inawezekana kioo cha asili kilivunjika na kikawekwa cha bei rahisi.

Na muuzaji je? Kwanza elewa unaongea na nani. Winga si mwenye duka. Analeta mteja na anaweka cha juu chake, na ukirudi wiki ijayo na mashine mkononi anaweza asiwepo. Sisemi winga ni mtu mbaya, anatafuta riziki kama wengine; nasema ahadi ya waranti haiko mikononi mwake. Tuliomba kuongea na mwenye duka mwenyewe, na mazungumzo yakabadilika. Nilimwonyesha ripoti ya ile yenye mikwaruzo. Hakubisha. Alisema, "Mzee, hii ya kazi kweli, miezi sita ni maneno ya hao vijana." Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini kiasi cha kumpa pesa.

Lakini kabla ya pesa kulikuwa na mlango mmoja wa kufungua. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F10, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mkuu inayotangulia Windows. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, acha hapohapo. Kwenye mashine hizi za ofisini nenosiri hilo halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya ubao kama mafundi wengine wanavyokwambia. Ukiingia, nenda kwenye sehemu ya Security utafute Absolute Persistence Module Current State. Iwe Inactive. Ikiwa Active, mashine bado imeunganishwa na mfumo wa ufuatiliaji, na mwenye leseni yake anaweza kuifungia akiwa mbali.

Kuna kufuli jingine lisiloonekana BIOS. Kampuni nyingi husajili laptopu zao kwa Microsoft, na usajili huo hufuata ubao mkuu. Muuzaji akiweka Windows bila intaneti, inakaa kimya. Siku utakapoirudisha upya, yaani kufuta kila kitu na kuianza Windows mwanzo, ukiwa umeunganishwa mtandaoni, inatokea na jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Jaribio lake ni kuirudisha upya ikiwa na intaneti, na pale dukani hatukuwa na saa mbili za kusubiri. Kwa hiyo tuliliingiza kwenye makubaliano.

Bei iliyotajwa ilikuwa laki sita na nusu. Fundi wa jirani alitutajia elfu tisini kwa betri mpya pamoja na kufunga. Nikamwambia mwenye duka tuondoe hiyo, na lile doa la skrini tulihesabie elfu kumi. Tukakubaliana laki tano na nusu, risiti ya EFD. Pamoja na risiti tulitaka karatasi yenye mhuri wa duka, ikiwa na namba ya siriali, siku thelathini za waranti, na sentensi moja aliyoiandika kwa mkono wake: mashine ikidai akaunti ya kampuni, inarudishwa na pesa inarudishwa. Mwenye duka asiyetaka kuandika sentensi hiyo anakuwa amekujibu. Huyu aliandika bila kusita, akaongeza na namba yake ya simu.

Jioni ileile tuliirudisha upya nyumbani ikiwa kwenye mtandao wa simu yangu. Ilichukua saa moja na nusu. Ilipofika kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, kisha kibodi, kisha kuuliza kama ni ya matumizi binafsi au ya shule na kazi, bila jina la kampuni yoyote kutokea, mpwa wangu alichagua matumizi binafsi, akaandika jina lake.